Pumzi na Ukingo wa Mstari

Msomaji, bila shaka umepata kuimba shairi la tarbia, au walau kulisikia likiimbwa. Kila mshororo wake una mizani kumi na sita, na mizani hizo hugawanyika katikati: nane upande huu, nane upande huu. Katika mizani ya nane pana kina cha kati, na baada ya kina pana mkato, na katika mkato huo mwimbaji huvuta pumzi. Mahali hapo pa kuvutia pumzi hapahami. Mtunzi aweza kuwa na furaha au msiba, aweza kusifu au kulaani; mkato utamngoja palepale, kama kizingiti cha mlango kinavyomngoja kila aingiaye. Na mshororo unapokwisha, aghalabu maana nayo imekwisha, au walau imefika mahali inapoweza kuketi.

Nimeanza na tarbia kwa sababu sikio lililolelewa na tarbia hupata taabu ya namna moja linapokutana na soneti, nami taabu hiyo niliipata mwenyewe. Soneti ni shairi la mistari kumi na minne. Ilizaliwa katika kisiwa cha Sisilia katika karne ya 13, kwenye baraza la mfalme Frederiki wa Pili, na mtu anayetajwa kuwa wa kwanza kuitunga ni Giacomo da Lentini, aliyekuwa karani wa sheria. Kutoka huko ilipanda Italia, na katika karne ya 16 ikaingia Uingereza. Soneti ya Kiitalia hugawanyika mafungu mawili: mistari minane ya kwanza, ambayo huweka jambo, na mistari sita ya mwisho, ambayo huligeuza jambo hilo. Mahali pa kugeukia, kwa desturi, ni mwanzo wa mstari wa tisa. Katika Kiingereza kila mstari una mizani kumi, na mizani ya kutiwa mkazo ni tano. Lakini hakuna kina cha kati, wala hakuna mkato uliowekwa na kanuni. Mtunzi ana mizani kumi, naye aweza kupumzika baada ya mbili, au baada ya saba, au asipumzike kabisa.

Basi katika soneti kuna vipimo viwili vinavyotembea pamoja. Kipimo cha kwanza ni mstari, nao una urefu mmoja daima. Kipimo cha pili ni sentensi, nayo ina urefu autakao mtunzi. Vipimo hivi vikikoma mahali pamoja, mwendo huwa wa utulivu. Visipokoma pamoja, mambo mawili hutokea. Sentensi huweza kufika mwisho wa mstari bila ya kwisha, ikavuka ukingo na kuendelea chini. Mstari wa namna hiyo twauita mshata. Au sentensi huweza kwisha kabla mstari haujaisha, ikaacha kimya ndani ya mstari. Kimya hicho nitakiita kituo cha ndani. Tena mambo haya mawili ni ndugu. Sentensi iliyonyimwa kituo mwisho wa mstari haina budi kukitafuta mahali pengine, na mahali pengine ni katikati ya mstari unaofuata. Ndiyo maana ukiona mishata mingi katika soneti, utaona na vituo vya ndani vingi.

Maelezo matupu hayatoshi. Nitakuwekea mistari minne niliyoitunga kwa ajili ya darasa langu. Ina mizani kumi na mbili kila mmoja, nayo ni kama mwanzo wa soneti. Habari yake ni fupi: mama asiyejua kusoma amepokea barua, akampa mwanawe amsomee. Kwanza niliiandika hivi:

Mama kanipa barua niisome.
Nikasoma salamu za ndugu zake.
Nikalifikia jina la babangu.
Nikanyamaza, mama akainama.

Hapana kosa la sarufi hapa, na mizani imetimia. Lakini soma kwa sauti na usikilize. Kila mstari ni sentensi nzima, na kila mwisho wa mstari sauti hushuka. Salamu za ndugu zimepewa uzito uleule uliopewa jina la baba. Habari nzito imekuja kwa hatua zilezile za habari nyepesi, mfano wa askari katika gwaride. Msomaji anaambiwa kwamba mtoto alinyamaza, lakini mwenyewe hakunyamazishwa. Kisha nikaiandika mara ya pili, maneno yakiwa karibu ni yaleyale:

Mama kanipa barua. Nikasoma
salamu za ndugu zake, nikafika
palipo jina la baba. Nikakoma.
Mama kimya. Macho chini akaweka.

Sasa hesabu nami. Katika mstari wa kwanza kituo kiko baada ya mizani ya nane, na baada yake limebaki neno moja, “nikasoma”. Kusoma nini? Mstari umekwisha na jibu halijaja. Jicho halina la kufanya ila kushuka upesi chini kulitafuta. Mstari wa pili una kituo kidogo, nacho pia kiko baada ya mizani ya nane, kisha neno moja tena, “nikafika”. Kufika wapi? Jicho linashuka tena. Kwa hiyo mistari miwili ya kwanza inakimbia, nayo inakimbia kama asomavyo mtoto mwenye haraka ya kumaliza salamu. Katika mstari wa tatu kituo kiko palepale, baada ya mizani ya nane, na neno moja linafuata kama yalivyofuata yale mawili. Lakini safari hii neno lenyewe ni “nikakoma”, na baada yake pana nukta. Mbio zimegonga ukuta. Neno hilo limefungiwa peke yake kati ya vituo viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, na kimya cha mtoto kinasikika pande zote mbili.

Lakini jambo ninalolipenda zaidi liko katika mstari wa nne. Mara tatu sikio limezoezwa kungoja kituo baada ya mizani ya nane. Katika mstari wa nne kituo kimekuja baada ya mizani ya nne tu: “Mama kimya.” Kimekuja nusu ya njia, kabla hakijatazamiwa. Mama ameelewa kabla ya kuambiwa. Mistari haikusema kwamba ameelewa, wala haikusema ni habari gani iliyokuwa kando ya jina lile. Kuhama kwa kituo ndiko kulikosema. Na kama kituo kingalikuwa kimehamahama tangu mstari wa kwanza, kuhama huku kwa mwisho kusingalisikika. Kitu hakiwezi kuvunja desturi mahali ambapo desturi haikujengwa.

Niliwapa wanafunzi kazi ya kuandika mistari ya namna hii, na wengi walinitolea mishata. Lakini mishata mingine ilikuwa ya aina hii:

Mama kanipa barua, nikaona
salamu za ndugu zake wa huko kwa
shangazi.

Mizani imetimia, na mstari wa pili ni mshata kweli. Lakini umekatwa baada ya neno “kwa”, na neno hilo haliwezi kuning’inia ukingoni bila ya kuonekana kituko. Msomaji anajikwaa, na baada ya kujikwaa hapati chochote. “Shangazi” halikuwa jambo la kungojewa. Mwandishi alifikisha mizani kumi na mbili, akakata kama mtu akataye kitambaa kwa rula bila ya kutazama maua yaliyochorwa. Mshata wa namna hii waweza kuutambua kwa jaribio jepesi. Iandike mistari yote kama sentensi za kawaida, mfululizo, mpaka mwisho wa ukurasa, kisha usome. Ukiona kwamba hujapoteza kitu, ukingo ule haukuwa na kazi. Ukifanya hivyo kwa “Nikasoma salamu za ndugu zake, nikafika palipo jina la baba”, utaona kwamba habari ipo lakini zile mbio hazipo.

Sasa niende kwa bwana wa kazi hii. Kwa Waingereza, mtunzi aliyeonyesha waziwazi jinsi mshata na kituo vinavyoweza kuitawala soneti ni John Milton, aliyezaliwa mwaka 1608 na kufariki mwaka 1674. Mwezi wa Aprili mwaka 1655 majeshi ya mtawala wa Savoya yaliwashambulia Wavaldensi, Wakristo waliokaa katika mabonde ya milima ya Alpi upande wa Piemonte, wakaua watu wengi, wake kwa waume na watoto. Milton wakati huo alikuwa akiiandikia serikali ya Cromwell barua zake za Kilatini kwa nchi za nje, na barua za kulalamikia mauaji hayo zilipita mikononi mwake. Mbali na barua, alitunga soneti moja juu ya msiba huo, ikapigwa chapa mwaka 1673.

Soneti hiyo niliisoma mara ya kwanza kwa sauti katika chuo cha ualimu, mbele ya darasa, nami niliisoma kama tarbia. Kila mwisho wa mstari nilisimama, nikashusha sauti, nikavuta pumzi. Nilipofika mwisho wa mstari wa saba nikasimama vivyo hivyo. Mkufunzi wetu akainua mkono kunizuia, akaniuliza: “Nani ameviringika?” Nikatazama kitabu. Nikajibu kwamba ni askari. Darasa likacheka. Mkufunzi hakucheka, akaniambia niendelee mstari mmoja mbele bila ya kupumua, kisha nijibu tena.

Kosa langu lilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ni siri ya mstari ule. Mwisho wa mstari wa saba Milton ameweka kitenzi ambacho kwa Kiingereza chaweza kuwa na maana mbili: chaweza kumaanisha kuviringika, na chaweza kumaanisha kuviringisha. Neno ni lilelile, umbo ni lilelile. Mtu asimamaye hapo, kama nilivyosimama mimi, anaona askari wanaobingirika. Lakini mwanzo wa mstari wa nane kuna mama, na pamoja naye mtoto wake mchanga, na mwamba wanaotupwa kutoka juu yake. Ukingo wa mstari ni ukingo wa genge. Kwa nukta ya wakati msomaji yuko hewani hajui aangukaye ni nani, kisha anafika chini na kumwona. Mshata huu si pambo lililobandikwa juu ya habari ya kuanguka. Msomaji mwenyewe anapitishwa katika kuanguka.

Tazama tena kinachofuata. Katika mstari huo wa nane sentensi inakoma baada ya mizani ya nane, pale mwili unapofika chini ya mwamba. Zimebaki mizani mbili tu kabla ya mstari kwisha, na hapa ndipo kanuni ya Kiitalia ilipotaka fungu la kwanza lifungwe, mstari wa tisa uanze jambo jipya. Milton hakulifunga. Katika mizani mbili hizo ameanzisha sentensi nyingine, ametaja vilio vya wale waliotupwa, na mstari umekwisha bila ya kusema vilio vilikwenda wapi. Vinavuka ukingo wa mstari, na wakati huohuo vinavuka mpaka wa mafungu mawili. Mabonde yanavipokea na kuvirudisha kwa vilima. Vilima navyo vinavipeleka mbele, na mstari wa tisa unakwisha tena kabla ya kusema wapi. Ni mpaka mstari wa kumi, mizani ya pili, ndipo tunapoambiwa kwamba vimefika mbinguni, na hapo tunapata nukta. Ukuta ambao ungepaswa kuuzuia msiba katika fungu lake umepitwa kama mawimbi yapitavyo tuta la mchanga.

Kwa hakika, tangu mstari wa tano hata wa kumi na tatu hakuna mstari hata mmoja unaokwisha kwa nukta. Vituo vikubwa vyote vimehamia ndani: kimoja katika mstari wa nane, kimoja katika wa kumi, kimoja katika wa kumi na mbili. Nao haviko mahali pamoja. Cha mstari wa nane kiko mbali karibu na mwisho, cha mstari wa kumi kiko mwanzo kabisa. Mtu anayelia hapumui kwa vipimo sawa. Lakini usidhani kwamba mistari imepotea. Vina viko mwisho wa kila mstari, na katika mistari minane ya kwanza vina vyote vina sauti ndefu ya “o”, sauti iliyo karibu na mlio wa kuomboleza. Sentensi inapovuka ukingo, kina hakivuki. Kinabaki pale kikilia nyuma ya sentensi iliyokwisha kupita. Bila ya kina, masikio yasingejua kwamba kuna ukingo uliovukwa, na mshata usingekuwa mshata. Ungekuwa maneno ya kawaida yaliyopangwa kwa mistari mifupi.

Hapa niseme neno la pembeni juu ya lugha yetu, kwa kuwa baadhi yenu mtajaribu kufasiri. Nimejaribu mara nyingi kuleta mstari ule wa saba katika Kiswahili, na kila mara nimeshindwa mahali pamoja. Kitenzi chetu ni chenye kusema mapema. Nikisema “wakaviringika”, nimesema kuwa wao wenyewe ndio walioviringika. Nikisema “wakaviringisha”, ile “-sha” imekwisha kutoboa kwamba yuko mwingine aliyeviringishwa. Na nikisema “wakamviringisha”, hata idadi ya aliyetupwa imejulikana kabla hatujauvuka ukingo. Kiingereza kinaweza kuficha; Kiswahili kinafichua kwa kiambishi kimoja. Ndiyo maana katika mistari yangu ya barua niliandika “nikasoma”, nikaogopa kuandika “nikazisoma”. Ile “zi” ingekuwa imekwisha kumnong’oneza msomaji kwamba vinavyokuja ni vingi, na ni vya ngeli fulani, na mbio zake zingepungua. Mtunzi wa Kiswahili atakaye mshata wenye nguvu sharti aangalie kitenzi anachokiacha ukingoni, akivue kiambishi cha yule atendwaye ikiwa sarufi inaruhusu. Na pale ambapo hairuhusu, atafute mahali pengine pa kukatia.

Soneti ya pili ya Milton ninayotaka kuitaja ni ile aliyoitunga juu ya upofu wake. Alikuwa kipofu kabisa kufikia mwaka 1652, naye alikuwa bado hajaandika kazi yake kubwa. Katika soneti hiyo anakumbuka mfano wa talanta katika Injili ya Mathayo, mlango wa 25: mtumishi aliyefukia talanta aliyopewa na bwana wake. Anahofia kwamba uwezo wake wa kuandika nao umefukiwa na giza. Sentensi yake ya kwanza ni ndefu mno. Inaanza mstari wa kwanza, inapinda, inaongezwa jambo, inavuka ukingo mara kadhaa, na kitenzi chake kikuu hakifiki mpaka mstari wa nane, pale anapokiri kwamba anauliza swali la kipumbavu juu ya Mungu: je, aliyenyimwa mwanga atadaiwa kazi ya mchana? Mtu anayesoma sentensi hiyo kwa pumzi moja hufika mwisho wake karibu amechoka, na huko kuchoka ndiko kupapasa kwa kipofu.

Sasa angalia mstari wa nane wenyewe. Lalamiko linakoma baada ya mizani ya nne. Kulingana na desturi, alikuwa bado na mizani sita za kulalamika kabla ya mgeuko. Lakini katika mizani ya tano Subira anaingia na kusema. Hakungoja mstari wa tisa. Amemkatiza msemaji ndani ya fungu lake mwenyewe. Na kitenzi ambacho Milton amekiweka ukingoni mwa mstari huo, kwa Kiingereza cha siku zile, kilikuwa na maana ya kuzuia na pia maana ya kutangulia, kufika kabla. Subira ametangulia. Maana ya neno na mahali pa kituo ni kitu kimoja. Kama kituo kingalikuwa mwisho wa mstari wa nane, Subira angalikuwa mtu mwenye adabu aliyengoja zamu yake, na soneti ingalikuwa mahojiano. Kwa kuwa kimekuja mapema, ni mkono uliowekwa juu ya bega la mtu kabla hajamaliza kusema neno atakalolijutia.

Na mwisho wa soneti hiyo ni wa kutazamwa polepole. Katika mstari wa kumi na mbili Milton ametaja maelfu ya watumishi wa Mungu wanaokwenda mbio kwa amri yake. Neno la kwenda mbio ameliweka ukingoni, bila ya kituo, na sentensi inavuka pamoja nao, inapita nchi kavu na bahari katika mstari wa kumi na tatu, wala haina kituo ndani yake, kwa maana inasema juu ya wasiopumzika. Kisha pana kituo mwisho wa mstari. Kisha unakuja mstari wa kumi na nne, nao uko peke yake: sentensi nzima, mwanzo wake ni mwanzo wa mstari na mwisho wake ni mwisho wa mstari. Baada ya mishata yote ile, mstari huu haumwagiki popote. Unasema juu ya watumishi wengine, wale wasimamao na kungoja, nao wenyewe umesimama na kungoja. Mwanafunzi mmoja aliniambia kwamba mstari huo ni mwepesi kuliko yote, kwamba yeyote angeuandika. Nilimjibu kwamba ni kweli, ukiandikwa peke yake. Uzito wake unatoka katika mistari kumi na mitatu iliyokataa kusimama.

Limebaki jambo la kusoma kwa sauti, kwa kuwa shairi hili si la macho peke yake. Kuna wasomaji wanaosimama mwisho wa kila mstari, kama nilivyofanya mimi chuoni, nao huua mshata. Kuna wengine, wakiisha kuonywa, huukanyaga ukingo kana kwamba haupo, wakasoma soneti kama gazeti. Hao huua mstari. Njia niliyofundishwa, nami nimeiona kuwa njema, ni hii. Ufikapo mwisho wa mstari usio na kituo, usivute pumzi, wala usishushe sauti. Irefushe kidogo silabi ya mkazo iliyo karibu na ukingo, uache sauti ikae palepale juu ilipo, kisha uendelee. Msikilizaji atasikia kwamba pana ukingo, na atasikia pia kwamba jambo halijaisha. Kwa Kiswahili mkazo huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo utarefusha “so” katika “nikasoma” na “fi” katika “nikafika”. Kituo cha ndani kisome kwa namna iliyo kinyume: shusha sauti, nyamaza kweli, hata ikikuogopesha. Wanafunzi wengi hukiogopa kimya cha katikati ya mstari. Hudhani wasikilizaji watafikiri kwamba wamesahau.

Wala si kila mkato mdogo ulio kituo cha kuhesabiwa. Mikato mingine ni ya sarufi tu, ya kutenga majina au kuongeza sifa, na sauti ikisimama katika kila mmoja wao mstari hukatikakatika kama kamba iliyooza. Sikiliza mahali ambapo sentensi inageuza uso wake, au ambapo mtu mwingine anaanza kusema, au ambapo kitu kimekwisha kabisa. Hapo simama. Pengine pite kwa kuinua sauti kidogo.

Mwezi uliofuata mkufunzi wetu alinipa tena soneti ile ya Piemonte. Nilisoma mpaka mstari wa saba, nikairefusha silabi ya mwisho, sauti nikaiacha juu, nikavuka. Nilipofika kwenye kituo cha mstari wa nane, baada ya mwamba, nilinyamaza muda mrefu kuliko nilivyokusudia, kwa sababu nilikuwa nimemwona yule mama. Hakuna aliyecheka. Kisha nikaanza na vile vilio.